Mtandao upo barazani, chumbani haupo

Weka simu juu ya meza ya sebuleni, usiiguse, uiangalie kwa dakika tano. Mistari ya mtandao itakuwa mitatu, itashuka hadi mmoja, kisha itapanda tena hadi miwili. Mnara haujasogea, ukuta haujaongezeka unene, na simu iko palepale ulipoiweka. Wengi hapo husema mtandao unasumbua, huzima simu na kuiwasha, au huenda kununua laini nyingine. Laini nyingine kweli husaidia mara kwa mara, ila kwa sababu ambayo mnunuzi haijui, na asipoijua atabahatisha tena siku akihamia nyumba nyingine.

Tufuate nyumba moja ya mfano, kutoka mnarani hadi chumba cha nyuma. Ni nyumba ya bloku za saruji zilizopigwa plasta pande zote, bati juu, madirisha ya alumini yenye grili. Imejengwa kwenye mteremko wa bonde, kama zilivyo nyumba nyingi za Lushoto na milima ya Usambara kwa jumla. Mnara uko umbali wa kilomita 4, upande wa pili wa mgongo wa kilima. Ukisimama barazani unauona mgongo, mnara huuoni. Huko kutouona ndiko kunakokula nguvu nyingi kuliko ukuta wowote wa nyumba hii, na tutafika huko.

Mistari inahesabu nini

Nguvu ya mawimbi inayoingia kwenye simu ni ndogo kupita kiasi, kwa hiyo hupimwa kwa kipimo kinachoandikwa dBm. Sifuri ya kipimo hicho ni miliwati moja, na simu hufanya kazi chini sana ya hapo, ndiyo maana namba zake huwa na alama ya kutoa. Kwenye 4G, -75 dBm ni mtandao mzuri sana, -105 ni wa kawaida, na ukifika -120 simu iko mlangoni ikitoka. Kila desibeli 10, yaani hatua 10 za kipimo hicho, zikipungua, nguvu inayobaki ni sehemu moja ya kumi. Kila desibeli 3, inabaki nusu. Kwa hiyo kati ya -75 na -105 nguvu imepungua mara 1,000, na bado simu inasikia na mtu anaongea vizuri. Hilo likikaa kichwani, mengine yote yanakuwa mepesi.

Mistari ni tafsiri ya namba hiyo, na kila mtengenezaji anaweza kutafsiri anavyotaka. Hakuna kipimo cha pamoja kinachosema mstari mmoja ni kiasi gani. Katika Android ya asili, kabla kampuni ya simu au ya mtandao haijabadilisha, mipaka ya 4G ni -98, -108, -118 na -128: juu ya -98 unapewa mistari minne, kati ya hapo na -108 mitatu, na kuendelea. Mwaka 2010 Apple ilikiri hadharani kwamba hesabu ya mistari kwenye iPhone ilikuwa na makosa na ilionyesha mistari mingi kuliko ilivyostahili. Kwa hiyo kuweka simu mbili za aina tofauti mezani na kuhukumu mtandao kwa kulinganisha mistari yake ni kazi bure.

Ubaya wa mistari ni kwamba ina ngazi chache, na ngazi ina ukingo. Simu ikiwa kwenye -117 inaonyesha mistari miwili. Ikishuka hadi -119, mabadiliko ambayo sikio lako haliwezi kuyasikia kwenye simu, inaonyesha mmoja. Nyumba yetu, kama tutakavyoona, iko juu ya ukingo huohuo. Sehemu kubwa ya kucheza kwa mistari ni simu inayovuka mpaka kwenda na kurudi kwa desibeli mbili tatu.

Soma namba yenyewe

Kwenye simu nyingi za Android namba iko hapa:

```
Settings > About phone > SIM status > Signal strength
```

Utaona kitu kama `-106 dBm 34 asu`. Hiyo `asu` ni namba ileile kwa sura nyingine. Kwenye 4G ongeza 140 kwenye dBm unaipata. Simu nyingine hufungua ukurasa wenye maelezo zaidi ukipiga `*#*#4636#*#*`, na Samsung nyingi hukubali `*#0011#`. Kwenye iPhone andika `*3001#12345#*` kisha bonyeza kitufe cha kupigia. Tafuta palipoandikwa `RSRP`, ndiyo namba ya nguvu ya 4G. Ukiona na `Band`, yaani masafa ambayo simu inatumia wakati huo, iandike pembeni, maana itahitajika.

Angalizo moja linalowapoteza hata mafundi: usilinganishe namba ya 2G na ya 4G. Ya 2G hupima nguvu ya chaneli nzima, na ya 4G hupima kipande chembamba kimoja kati ya mamia ya vipande vinavyounda chaneli. Kwa hiyo -100 kwenye 4G ni mtandao unaofaa hata kuangalia video, na -100 kwenye 2G ni simu iliyo karibu kukatika. Kitochi cha bibi kikionyesha -90 na simu yako janja -105, haimaanishi kwamba kitochi kina antena bora.

Kaa mahali pamoja kwa nusu dakika kabla ya kuamini namba. Skrini ikiwa imezimwa, simu hupunguza kusasisha mistari ili kuokoa chaji, kwa hiyo unapoiwasha unaweza kuona mistari ya zamani, kisha ikaruka. Huko kuruka si kwa mtandao, ni simu inayosahihisha habari zake.

Kwa nini namba haitulii

Nje penye uwazi, wimbi kubwa moja linakuja moja kwa moja kutoka mnarani na mengine madogo hulifuata. Ndani ya nyumba hakuna wimbi kubwa. Kuna lililopita dirishani, lililopenya ukutani, lililogonga friji, lililorudi kutoka kwenye bati, na lililozunguka kupitia ukuta wa jirani. Yote yanafika kwenye simu yakiwa yamesafiri njia za urefu tofauti. Kilele cha wimbi moja kikikutana na kilele cha jingine, nguvu inaongezeka. Kilele kikikutana na bonde, yanauana.

Mahali yanapouana na mahali yanaposaidiana hapako mbali. Kwenye masafa ya megahezi 1,800 wimbi moja lina urefu wa sentimita 17 hivi, na kutoka sehemu nzuri hadi mbaya kunaweza kuwa nusu yake au pungufu, yaani upana wa kiganja. Kwenye megahezi 800 wimbi lina sentimita 37, kwa hiyo sehemu hizo zimeachana zaidi. Ndiyo maana kusogeza simu kutoka kona ya meza hadi katikati kunaweza kuongeza desibeli 5 au 10, bila wewe kukaribia mnara hata kidogo. Anayetembea na simu sebuleni akitafuta mtandao hafanyi ujinga. Anatafuta pale mawimbi yanaposaidiana. Kosa lake ni kwenda hatua tatu tatu. Aende sentimita kumi kumi.

Na simu ikikaa bila kuguswa, mchoro huo wa mema na mabaya wenyewe unasogea. Mtu anapita kati ya dirisha na meza, na mwili wa mtu una maji mengi yanayomeza mawimbi. Mlango wa chuma unafunguliwa. Pangaboi linazunguka. Mgomba ulio nje ya dirisha unapepea. Lori limeegeshwa barabarani mbele ya nyumba, limekuwa kioo kipya cha mawimbi. Kila kimoja kinabadilisha urefu wa njia mojawapo kwa sentimita kadhaa, na sentimita kadhaa zinatosha.

Mkono nao ni ukuta. Antena za simu za sasa nyingi ziko kwenye kingo, hasa chini na juu. Ukiishika simu kwa kiganja kizima ukiwa umefunika ukingo wa chini, desibeli kadhaa zinaondoka hapohapo. Ndiyo sababu simu iliyokuwa na mistari miwili mezani huwa na mmoja inapofika sikioni.

Kuna sababu nyingine ambayo haihusu mawimbi kugongana kabisa, na mimi naiona ndiyo inayochanganya watu zaidi. Simu haiko kwenye masafa mamoja. Mnara mmoja unaweza kurusha 4G kwenye megahezi 800 na 1,800 kwa wakati mmoja, na 2G kwenye 900. Mtandao huiambia simu ipendelee masafa yapi, na mara nyingi huyapa kipaumbele yale ya juu kwa kuwa yana nafasi kubwa zaidi ya data. Simu iliyo kwenye 1,800 yaliyodhoofika itahamia 800 yenye nguvu, mistari inaruka kutoka mmoja hadi mitatu. Baadaye mtandao unairudisha 1,800, mistari inashuka. Hakuna kilichoharibika.

Vivyo hivyo ukipiga simu. Kama simu yako au laini yako haina VoLTE, yaani sauti inayopita ndani ya 4G, simu huacha 4G kila unapopiga na kushuka 3G au 2G. Masafa yamebadilika, kipimo kimebadilika, mistari nayo inabadilika palepale unapobonyeza kitufe. Ukiona mistari inapanda ukipiga na kushuka ukikata, hiyo ndiyo sababu, na data kusimama wakati wa maongezi ni dalili yake ya pili.

Ukuta na bati

Wataalamu wa 3GPP, shirika linalotunga viwango vya mitandao ya simu, wana kanuni fupi ya kukadiria hasara ya ukuta wa zege:

```
hasara (dB) = 5 + 4 × f      (f kwa gigahezi)
```

Kwenye 0.8 ukuta unakula desibeli 8. Kwenye 1.8 unakula 12, na kwenye 2.6 unakula 15. Bloku zenye mashimo katikati hula kidogo pungufu, zege iliyomwagwa pamoja na nondo hula zaidi. Kanuni ni makadirio, lakini inaonyesha jambo la msingi: ukuta uleule unayaonea masafa ya juu kuliko ya chini. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake ukiwa nusu mita na zaidi, hufanya hivyo kwa ukali zaidi. Humo mtu anaweza kuwa karibu sana na mnara na bado chumba cha ndani kikawa kimya.

Kioo cha kawaida cha dirisha hakisumbui, kinakula desibeli 2 au 3. Kwa hiyo kufungua dirisha la kioo cha kawaida ili mtandao uingie hakusaidii kitu cha maana. Kioo kilichopakwa utando mwembamba wa metali kuzuia joto, kile kinachong'aa kama kioo cha kujitazamia kwenye majengo ya ofisi, ni jambo jingine. Kwa kanuni za shirika lilelile kinakula desibeli 23 hivi, karibu mara mbili ya ukuta wa zege. Tinti iliyo rangi tu haina shida. Kuzitofautisha ni rahisi: soma namba dirisha likiwa limefungwa, fungua, soma tena baada ya nusu dakika. Tofauti ikiwa desibeli 10 au zaidi, kioo kina metali.

Bati halipitishi chochote. Nyumba yenye bati juu hupata mawimbi kwa ubavuni tu, kupitia kuta na madirisha. Hili lina athari moja ambayo wajenzi huisahau: ukipandisha kuta kwa bati pia, kama zilivyo fremu nyingi za biashara na makontena, umejenga sanduku la chuma, na mtandao wote utaingilia mlangoni. Humo ndani mtu akisimama mlangoni, simu zote zinashuka pamoja.

Grili na nyavu zinastahili kuangaliwa kwa karibu. Tundu kwenye chuma hupitisha wimbi vizuri pale upana wake unapozidi nusu ya urefu wa wimbi. Grili yenye vyumba vya mraba vya sentimita 12 inapitisha 1,800, ambayo nusu wimbi lake ni sentimita 8, na inapunguza 800, ambayo nusu wimbi lake ni karibu 19. Kwa hiyo dirisha lenye grili huyapendelea masafa ya juu, na ukuta huyapendelea ya chini. Ndiyo maana simu inaweza kuwa kwenye 1,800 ikiwa karibu na dirisha na kwenye 800 mita mbili ndani ya chumba. Wavu wa mbu wa plastiki haumo kwenye hesabu. Wavu wa mbu wa waya wa chuma au alumini, wenye vitundu vya milimita moja au mbili, kwa wimbi la simu ni kama bati. Ukiweka wavu huo madirisha yote umefunga milango iliyokuwa imebaki.

Umbali, kisha kilima

Umbali unaogopwa kuliko unavyostahili. Penye uwazi, pale unapouona mnara kwa macho, kuzidisha umbali mara mbili kunakula desibeli 6 tu. Kutoka kilomita 4 hadi 8 unapoteza pungufu ya ukuta mmoja wa zege. Mjini kati ya majengo hasara ni kubwa zaidi, desibeli 10 hadi 12 kwa kila kuzidisha mara mbili, kwa sababu kinachoongezeka si umbali peke yake bali na vizuizi vilivyo njiani. Ndiyo maana mvuvi aliye mbali baharini anaweza kuwa na mistari mitatu, na mtu wa bondeni aliye umbali wa robo ya huo akawa hana hata mmoja. Ila 2G ina mpaka wake mwingine: katika mpangilio wa kawaida haikubali simu iliyo zaidi ya kilomita 35, hata kama mawimbi yanafika kwa nguvu, kwa kuwa jibu la simu huchelewa kurudi mnarani.

Sasa nyumba yetu. Tuseme kwa umbali wa kilomita 4, kama kusingekuwa na kilima, simu barazani ingepata -82 kwenye 1,800. Mgongo wa kilima uko kilomita 3 kutoka mnarani na kilomita 1 kutoka nyumbani, na umepanda mita 30 juu ya mstari ulionyooka kutoka antena ya mnara hadi baraza. Wimbi haliwezi kupita ndani ya udongo. Linajipinda kwenye kilele na kumiminika bondeni, na kujipinda huko kunagharimu. Hata pale kilele kinapougusa tu mstari bila kuuvuka, desibeli 6 huondoka. Kwa mita 30 juu ya mstari, hesabu ya ukingo mkali inatoa hasara ya 24 kwenye 1,800, na 21 kwenye 800, kwa kuwa wimbi refu hujipinda kwa wepesi zaidi.

Barazani kwenye 1,800 tunabaki na -82 toa 24, yaani -106. Mistari mitatu. Ingia sebuleni, ukuta mmoja: toa 12, -118. Hapo ndipo ule ukingo wa mstari mmoja na miwili ulipo, na pangaboi peke yake linatosha kuisukuma simu huku na huku. Chumba cha nyuma, ukuta wa pili wa bloku, tuko karibu na -130. Hakuna mtandao wa kutumika.

Kwenye 800, tukichukulia mnara unarusha kwa nguvu ileile, umbali wenyewe unakula desibeli 7 pungufu, kwa hiyo tunaanza na -75. Kilima kinatoa 21, barazani tuna -96. Ukuta unatoa 8, sebuleni tuna -104, mistari mitatu. Chumba cha nyuma -112, mistari miwili, mtu anaongea. Nyumba ileile, mnara uleule, tofauti ya desibeli 14 sebuleni, kwa sababu ya masafa tu. Na hapo jibu la laini nyingine linajitokeza. Laini iliyokusaidia pengine haina mtandao bora kwa jumla. Inarusha masafa ya chini eneo lako, au mnara wake uko upande wako wa kilima. Minara mingi siku hizi hubeba antena za kampuni zaidi ya moja, kwa hiyo kuhamia laini iliyo kwenye mnara uleule na masafa yaleyale hakubadilishi kitu. Soma `Band` ya laini zote mbili kabla ya kuamua.

Ukiangalia hesabu hiyo, kilima kilikula 24 na ukuta 12. Hilo ndilo jambo la kupima kwenye nyumba yako mwenyewe, na kipimo chake hakina gharama. Soma namba nje, mita tano kutoka ukutani, upande unaodhani mnara upo. Soma tena ndani, katikati ya chumba, mara tatu nne ukisogea kiganja kwa kiganja, uchukue wastani. Hakikisha `Band` ni ileile mara zote, la sivyo unalinganisha vitu viwili. Nje ikiwa -85 na ndani -110, shida ni nyumba. Nje ikiwa -108 na ndani -118, nyumba haina kosa kubwa, shida ni umbali au kilima, na kubomoa dirisha hakutakusaidia.

Mvua husingiziwa sana. Kwenye masafa ya simu, matone ya mvua yenyewe hayapunguzi kitu cha kuhesabika. Kinachotokea ni majani ya miti kulowa na kumeza zaidi, umeme kukatika mnarani, au kiungo cha redio kinachouunganisha mnara na mnara mwingine kudhoofika, kwa kuwa viungo hivyo hutumia masafa ya juu zaidi ambayo mvua huyagusa. Katika hali hiyo ya mwisho mistari inabaki minne na data haiendi. Mistari inapima njia kutoka mnarani hadi kwako. Foleni ya watu walio kwenye mnara huo, na kinachoendelea nyuma yake, haivijui.

Kinachosaidia na kisichosaidia

Shida ikiwa nyumba, tafuta dirisha linalotazama upande wa mnara, au upande wa mgongo ambako wimbi linamiminika, kisha uweke simu hapo ukiwa umewasha hotspoti, au ruta ndogo ya 4G. Mawimbi ya waifai yatakufikisha vyumba vingine. Pale mtandao wako na simu yako vinapokubali kupiga kwa waifai, washa hiyo, na maongezi yatapita palepale. Simu yenyewe ikae wima kwenye kitu kisicho cha chuma, isikae juu ya friji.

Shida ikiwa kilima, watu hufikiria mlingoti mrefu. Tuupime. Ukipandisha antena mita 4 juu ya usawa wa baraza la nyumba yetu, mstari kwenye mgongo unapanda mita 3, kwa kuwa mgongo uko karibu na nyumba kuliko mnara. Kizuizi kinakuwa mita 27 badala ya 30. Faida yake ni pungufu ya desibeli moja. Mlingoti una faida ya kukwepa bati lako na la jirani, na hiyo inatosha kuuweka, lakini hautaushinda mgongo wa kilima. Kinachosaidia zaidi, mtu akiwa bado anachagua kiwanja, ni kutojenga chini kabisa ya kilima. Ukisogea mbali na mgongo, wimbi halilazimiki kujipinda kwa ukali, na kwenye bonde kama letu nyumba iliyo nusu kilomita zaidi mbali na mnara inaweza kuwa na mtandao bora.

Kinachofanya kazi kwa nyumba iliyokwisha jengwa ni antena ya nje yenye mwelekeo, ile yenye vijiti vinavyopungua urefu kuelekea mbele, ikiunganishwa na ruta yenye matundu ya antena. Huongeza desibeli 9 hadi 11 upande inakoelekezwa. Ielekeze ukiwa na mtu ndani anayesoma `RSRP` kwenye ukurasa wa ruta, ukizungusha nyuzi kumi kumi na kusubiri nusu dakika kila mara. Usielekeze kwa ramani tu, maana bondeni njia bora inaweza kuwa ni wimbi linalorudi kutoka mlima wa pembeni. Ruta yenye matundu mawili ipewe antena mbili, moja imeinamishwa nyuzi 45 kulia na nyingine 45 kushoto, kwa sababu antena za mnara nazo mara nyingi hupangwa hivyo.

Kosa kubwa hapa liko kwenye waya. Waya mwembamba wa RG-58, ambao ndio unaopatikana kwa urahisi, hula karibu desibeli 8 kwa mita 10 kwenye 1,800. Antena ya desibeli 10 inabakiwa na 2, na mwenye nyumba anasema antena ni feki. Waya mnene wa aina ya LMR-400 hula 2 kwa urefu huohuo, unabakiwa na 8. Kwenye nyumba yetu hiyo ni -106 ya barazani kuwa -98 kwenye ruta, bila ukuta wowote katikati, tofauti ya desibeli 20 na meza ya sebuleni. Kama waya mnene haupatikani, weka ruta ndani ya boksi la plastiki lisiloingiza maji palepale chini ya antena, waya usizidi mita moja, na upeleke ndani kebo ya mtandao badala yake.

Vikuza mawimbi vinavyouzwa madukani, wengi huviita busta, vinahitaji kibali cha mamlaka ya mawasiliano na cha mwenye masafa. Sababu ya kiufundi ni hii: antena yake ya nje ikiisikia antena yake ya ndani, kifaa kinajikuza chenyewe kama spika inayopiga mluzi karibu na maikrofoni, na mluzi huo unapanda hadi mnarani. Ili kisifanye hivyo, kizuizi kati ya antena zake mbili lazima kizidi ukuzaji wake kwa desibeli 15 hivi. Busta ya 60 inahitaji 75, na nyumba ya ukuta mmoja wa bloku haitoi hizo. Mwenye busta anaona mistari mitano sebuleni kwake, na majirani wa bonde zima wanaanza kukatikiwa simu bila kujua inatoka wapi.